Mchezo Unapojifunga Baada ya iPhone Kusasishwa: Soma Namba Mbili Kabla ya Kufuta

Somo hili linawahusu watumiaji wa simu za iPhone ambao, baada ya kukubali sasisho jipya la mfumo wa iOS, hukuta mchezo waliouzoea haukai tena. Unafunguka, unaonyesha nembo yake, kisha unajifunga ghafla na kumrudisha mtumiaji kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu. Ushauri unaotolewa haraka vijiweni na kwa mafundi ni mmoja: futa mchezo, upakue upya. Ushauri huo mara nyingine hutibu. Lakini ukifuatwa bila kupima kwanza, unaweza kumgharimu mtumiaji vitu vitatu ambavyo havirudi kirahisi: hatua alizofikia katika mchezo, bando la intaneti, na pengine mchezo wenyewe.

Kwa mkazi wa Ukata, au wa Liuli na Mbamba Bay kandokando ya Ziwa Nyasa, kupakua upya GB mbili au tatu si jambo la kubonyeza na kusubiri kidogo. Ni bando la siku kadhaa, na mara nyingi ni safari ya kwenda Mbinga mjini kutafuta mtandao wenye nguvu. Kwa sababu hiyo tunamwomba msomaji afuate mpangilio wa somo hili hatua kwa hatua, na aache kufuta kuwe hatua ya mwisho.

Kwa nini sasisho la mfumo huuangusha mchezo

Mchezo wa simu haufanyi kazi peke yake. Kila unapochora picha, kutoa sauti au kuhifadhi alama, huuomba mfumo wa iOS uufanyie kazi hiyo. Sasisho linapobadilisha namna mfumo unavyopokea maombi hayo, mchezo ulioandikwa kwa kufuata utaratibu wa zamani unaweza kuomba jambo ambalo mfumo haulitambui tena. Hapo mfumo huufunga papo hapo. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na dawa yake imo mikononi mwa watengenezaji wa mchezo, ambao hutoa toleo lililorekebishwa.

Sababu ya pili ni nafasi ya kuhifadhia. Sasisho la mfumo huhitaji GB kadhaa ili kupakuliwa na kufunguliwa, na simu iliyokuwa imekaribia kujaa hubaki na nafasi finyu zaidi. Simu inapokosa nafasi ya kutosha, iOS inaweza hata kuziondoa kwa muda baadhi ya programu ili sasisho lipite, kisha ikazirudisha. Mchezo unaokosa mahali pa kuandika faili zake za muda hujifunga, au hushindwa kumaliza kupakua picha zake za ndani.

Sababu ya tatu ni faili zilizoharibika. Mchezo huhifadhi simuni vitu vingi ambavyo uliviandaa wakati wa mfumo wa zamani. Baada ya sasisho, baadhi ya faili hizo zinaweza kusomeka vibaya, na mchezo ukajifunga kila unapozifikia.

Iko pia hali ya mpito ambayo si hitilafu. Katika saa za mwanzo, na pengine hadi siku moja au mbili baada ya sasisho, simu hufanya kazi nyingi kimyakimya: hupanga upya picha, hutengeneza orodha za utafutaji na husasisha programu nyingine. Simu hupata joto, betri huisha upesi, na mchezo mzito unaweza kujifunga. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote lingine, tunashauri simu izimwe na kuwashwa, iachwe ikichajiwa usiku mmoja, na mchezo ujaribiwe asubuhi.

Mchezo hujifungaje? Dalili na kumbukumbu za simu

Ikiwa tatizo limebaki, tazama mchezo unajifunga wakati gani. Fungua mara tatu na uhesabu muda. Mchezo unaojifunga kila mara mahali palepale, kwa mfano sekunde kumi baada ya nembo, huku simu ikiwa baridi, huashiria ama mchezo usiopatana na mfumo mpya, ama faili iliyoharibika. Mchezo unaocheza vizuri dakika kadhaa kisha ukajifunga simu ikiwa moto huashiria uhaba wa kumbukumbu ya kazi. Mchezo unaokwama unapopakua kitu cha ndani huashiria uhaba wa nafasi ya kuhifadhia.

Inafaa tutofautishe hapa vitu viwili ambavyo huchanganywa mara nyingi. Nafasi ya kuhifadhia ni kama ghala: hukaa picha, video, ujumbe na programu, hata simu ikizimwa. Kumbukumbu ya kazi ni kama uwanja wa kuanikia kahawa: kinachowekwa hapo ni kile kinachoshughulikiwa kwa wakati huo tu. Kufuta picha huongeza nafasi ghalani, lakini hakupanui uwanja. Mtu mwenye tatizo la kumbukumbu ya kazi anaweza kufuta video zake zote asione nafuu yoyote.

Simu yenyewe huandika kumbukumbu za matukio haya. Njia ya kuzifikia ni hii:

```
Settings > Privacy & Security > Analytics & Improvements > Analytics Data
```

Katika simu zenye iOS 15 au ya nyuma yake, sehemu hiyo huandikwa `Privacy` tu. Utaona orodha ndefu ya majina yenye tarehe na saa. Tafuta yale ya saa ambayo mchezo ulijifunga. Jina likianza na jina la mchezo, maana yake ni kwamba programu yenyewe ilianguka. Likianza na neno `JetsamEvent`, kama katika mfano ufuatao, maana yake ni kwamba mfumo ulifunga programu ili kuokoa kumbukumbu ya kazi.

```
JetsamEvent-2024-11-03-201512.ips
```

Ukifungua faili hiyo na kuona jina la mchezo mbele ya neno `largestProcess`, basi mchezo ndio uliokuwa unatumia kumbukumbu nyingi kuliko programu zote wakati huo. Katika hali hiyo, kufuta na kupakua upya si dawa. Funga programu nyingine, punguza ubora wa picha katika mipangilio ya mchezo, na acha simu ipoe. Huna haja ya kuyaelewa maneno mengine yaliyomo. Hata hivyo, kutoona jina lolote si uthibitisho kwamba hakuna tatizo. Orodha hii ni msaada wa kupima tu, na dalili ulizoziona kwa macho zina uzito wake pia.

Pima ghala kwanza

Hatua inayofuata ni kutazama nafasi ya kuhifadhia, kwa sababu dawa zote zilizobaki zinahitaji nafasi. Mtu anayefuta mchezo kwenye simu iliyojaa anaweza kukuta hauwezi kurudi. Fungua:

```
Settings > General > iPhone Storage
```

Subiri kidogo hadi mstari wa rangi utulie, kwani hesabu huchukua muda. Juu utaona kiasi kilichotumika kati ya ukubwa wote wa simu, na chini yake orodha ya programu kuanzia ile kubwa zaidi. Kabla ya kupakua mchezo, tunashauri nafasi iliyo wazi iwe angalau mara mbili ya ukubwa wa programu inayopakuliwa, kwa kuwa simu huhitaji mahali pa kuweka kifurushi kilichopakuliwa na mahali pa kukifungulia.

Nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye video, hasa zile zinazoingia kwa WhatsApp. Ndani ya WhatsApp zitazame kupitia `Settings`, kisha `Storage and Data`, kisha `Manage Storage`. Kwa picha na video za simu, kuna mtego mmoja wa kukumbuka: ukizifuta haziondoki papo hapo, bali huhamia kwenye albamu iitwayo `Recently Deleted` na kukaa huko kwa siku 30 au zaidi huku zikiendelea kula nafasi. Hakikisha kwanza kwamba umenakili zile unazozihitaji, ndipo uisafishe albamu hiyo.

Namba mbili zinazoamua dawa

Sasa, katika orodha ya `iPhone Storage`, bonyeza jina la mchezo. Utaona namba mbili, na namba hizi ndizo kiini cha somo hili.

Ya kwanza huandikwa `App Size`. Huu ni ukubwa wa programu yenyewe kama ilivyotoka dukani. Ya pili huandikwa `Documents & Data`. Hivi ni vitu ambavyo mchezo umejiwekea baada ya kuwekwa simuni: picha na sauti ulizozipakua wenyewe, mipangilio, na wakati mwingine hatua ulizofikia.

Chini ya namba hizo kuna vitufe viwili. Kitufe cha `Offload App` huiondoa programu kwa muda. Kinachotoka ni ile namba ya kwanza tu. Namba ya pili hubaki simuni ikisubiri, na ikoni ya mchezo hubaki mahali pake ikiwa na alama ndogo ya wingu. Ukiibonyeza, programu hupakuliwa tena kutoka App Store na kukutana na vitu vyake. Kitufe cha `Delete App` hufuta namba zote mbili. Kinachobaki baada ya hapo ni kile tu kilichokuwa kimehifadhiwa nje ya simu, yaani kwenye iCloud au kwenye kompyuta za kampuni ya mchezo.

Tofauti hiyo inatufundisha dawa gani inaweza kutibu ugonjwa gani. Kuondoa kwa muda huleta programu mpya, kwa hiyo hutibu programu iliyoharibika au iliyobaki nusu baada ya sasisho. Hakuwezi kutibu faili iliyoharibika ndani ya `Documents & Data`, kwa sababu faili hiyo haikuguswa. Ikiwa umeondoa kwa muda na kurudisha, na mchezo bado unajifunga palepale, umekwishajua jambo muhimu: ama kosa limo katika namba ya pili, ama toleo lililoko dukani halipatani na mfumo wako.

Linganisha pia ukubwa wa namba hizo. Michezo mingi mikubwa huja na programu ndogo kutoka dukani, kisha hupakua sehemu kubwa ya picha zake baada ya kufunguliwa. Mchezo wenye `App Size` ya GB 0.4 na `Documents & Data` ya GB 5 hautakupa nafasi ya maana ukiuondoa kwa muda. Na ukiufuta, bando litakalohitajika si GB 0.4 bali GB 5 na zaidi. Baadhi ya michezo ina kitufe chake cha kukarabati faili, ambacho hukaa kwenye ukurasa wa kuingilia. Ikiwa mchezo unafika hapo kabla ya kujifunga, jaribu kitufe hicho kwanza.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: kabla ya kuondoa kwa muda, ingia App Store na utafute jina la mchezo. Kitufe kikisema `Update`, bonyeza hicho. Sasisho la mchezo huibadilisha programu bila kugusa hatua zako, na pengine ndilo toleo lililorekebishwa kwa ajili ya mfumo mpya. Likishakamilika, kuondoa kwa muda hakuongezi kitu kikubwa, na unaweza kuokoa bando hilo.

Maswali matatu kabla ya kufuta, na hata kabla ya kuondoa kwa muda

Swali la kwanza: je, mchezo bado uko dukani? Kuondoa kwa muda kunategemea ahadi kwamba App Store itaurudisha. Ahadi hiyo haitimizwi kila mara. Tarehe 13 Agosti 2020 Apple iliuondoa dukani mchezo wa Fortnite kutokana na mgogoro wa malipo na kampuni ya Epic Games, na kabla ya mwezi huo kwisha ikaifunga akaunti ya kampuni hiyo. Aliyekuwa na mchezo simuni alibaki nao. Aliyeufuta baada ya hapo hakuwa na mahali pa kuupakua. Kwa hiyo, ukitafuta mchezo wako dukani na usiuone, usibonyeze kitufe chochote kati ya vile viwili.

Swali la pili: je, mchezo uliingizwa kwa akaunti ya nani? Simu nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa na michezo iliyowekwa na muuzaji kwa akaunti yake ya Apple. Mchezo hufanya kazi vizuri hadi siku unapotaka kuusasisha au kuurudisha. Hapo simu huomba nywila ya barua pepe usiyoijua. Dalili ni hiyo hiyo: ukibonyeza `Update` na kuona anwani isiyo yako, simamisha kazi. Kama mchezo haulipiwi, unaweza kuupata kwa akaunti yako baada ya kuufuta, lakini kwanza jibu swali la tatu.

Swali la tatu: je, hatua ulizofikia zimehifadhiwa wapi? Ikiwa mchezo uliuunganisha na akaunti, iwe ya kampuni ya mchezo au nyingine, huenda hatua zako ziko kwenye kompyuta za kampuni. Ikiwa ulicheza kama mgeni, yaani `Guest`, uwezekano mkubwa ni kwamba ziko simuni tu na zitafutika. Kuonekana kwa jina lako katika Game Center si uthibitisho wa kutosha, kwani michezo mingine huitumia kwa alama na majina tu. Kipimo cha kuaminika ni kimoja: ingia kwa akaunti hiyo hiyo kwenye simu ya mtu unayemwamini na utazame kama timu yako au ngazi yako ipo. Ikionekana huko, iko salama. Kisha utoke katika akaunti hiyo kabla ya kurudisha simu ya mwenyewe.

Ikiwa haionekani, usifute. Tengeneza kwanza nakala rudufu ya simu nzima kwenye kompyuta, au kwenye iCloud kama nafasi ya bure ya GB 5 inatosha. Tambua hata hivyo kwamba nakala hiyo hairudishi mchezo mmoja peke yake. Kuirudisha ni kurudisha simu nzima katika hali ya siku ile.

Mfano wa kufundishia

Tuchukulie familia moja ya Ukata iliyonunua simu ya iPhone XR yenye GB 64, iliyotumika, kwa pesa ya kahawa. Kijana wa nyumba hiyo anacheza mchezo wa mpira wa miguu, na timu yake ameijenga kwa mwaka mzima. Baada ya sasisho la iOS 18, mchezo unajifunga sekunde kumi baada ya nembo.

Kwanza anaizima simu, anaiwasha na kuiacha ikichajiwa hadi asubuhi. Tatizo linabaki. Anafungua mchezo mara tatu, na mara zote unajifunga palepale, simu ikiwa baridi. Katika `Analytics Data` anaona faili tatu zenye jina la mchezo na saa zinazolingana, na hakuna `JetsamEvent` ya saa hizo. Anahitimisha kwamba si kumbukumbu ya kazi.

Anafungua `iPhone Storage`. Zimetumika GB 61.8 kati ya 64, yaani zimebaki GB 2.2. Anabonyeza jina la mchezo na kuona `App Size` ya GB 1.9 na `Documents & Data` ya GB 2.6. Nafasi iliyopo haitoshi, kwa kuwa GB 1.9 mara mbili ni GB 3.8. Anahamishia video za harusi kwenye kompyuta ya shule ya jirani kwa idhini ya mwalimu, anazifuta simuni, na kusafisha `Recently Deleted`. Sasa nafasi iliyo wazi ni GB 8. Anajaribu mchezo. Bado unajifunga, kwa hiyo nafasi haikuwa sababu pekee.

Anaingia App Store. Mchezo upo, na kitufe kinasema `Open`, maana yake hakuna toleo jipya zaidi. Akaunti iliyomo simuni ni yake. Maswali mawili ya kwanza yamejibiwa, hivyo anaweza kuuondoa kwa muda bila hofu. Anasubiri siku ya gulio, anakwenda Mbinga mjini kwenye mtandao wa Wi-Fi, na kurudisha GB 1.9. Mchezo unajifunga palepale. Sasa anajua kwamba programu ni mpya na nzima, na mashaka yamebaki kwenye zile GB 2.6.

Hapo ndipo kijana mwingine angefuta. Huyu anaazima simu ya binamu yake, anaweka mchezo huo huo, anaingia kwa akaunti yake, na timu yake inaonekana yote. Anatoka kwenye akaunti, kisha katika simu yake anabonyeza `Delete App`. Anapakua GB 1.9, na mchezo ukifunguka unapakua tena sehemu kubwa ya zile GB 2.6. Mchezo unafanya kazi, na timu ipo. Tukiacha kilichopakuliwa kwenye simu ya binamu, jumla ni GB 6.4 hivi. Kwa bando la kawaida hiyo ni gharama kubwa, na ndiyo maana alisubiri mtandao wa mjini. Lakini hakupoteza kitu kisichoweza kununuliwa tena.

Kama timu isingeonekana kwenye simu ya binamu, mwisho mwema ungekuwa tofauti: kuacha mchezo kama ulivyo, kuiandikia kampuni, na kusubiri toleo lililorekebishwa. Kusubiri wiki mbili ni bora kuliko kuanza upya.

Kulinda bando wakati wa kupakua

Katika iOS 18 fungua `Settings`, kisha `Apps`, kisha `App Store`. Katika matoleo ya nyuma, `App Store` huonekana moja kwa moja ndani ya `Settings`. Sehemu ya `App Downloads` ikiwa kwenye `Ask If Over 200 MB`, simu itakuuliza kabla ya kutumia bando kupakua kitu kikubwa kuliko kiasi hicho. Hapo hapo kuna `Offload Unused Apps`, ambayo huiruhusu simu iondoe yenyewe programu ambazo hazijatumika kwa muda. Kwa mkazi wa eneo lenye mtandao hafifu tunashauri sehemu hiyo izimwe, ili asije akakuta mchezo umegeuka wingu siku ambayo hana bando.

Pale ambapo dawa haipo

Kuna michezo ambayo haitarudi. iOS 11, iliyotolewa tarehe 19 Septemba 2017, iliacha kabisa kuendesha programu zilizoandikwa kwa mfumo wa zamani wa biti 32. Simu ilionyesha ujumbe kwamba mtengenezaji anapaswa kuisasisha programu. Pale ambapo mtengenezaji hakufanya hivyo, hakuna kufuta wala kupakua upya kulikosaidia. Kanuni hiyo ingali hai: mchezo ulioachwa na mtengenezaji wake hufa kwa sasisho moja au jingine. Kabla ya kukubali sasisho kubwa la mfumo, tazama katika App Store mchezo unaoupenda ulisasishwa lini mara ya mwisho. Kama ni miaka mingi iliyopita, fikiri mara mbili.

Fundi akikuahidi kurudisha iOS ya zamani, muulize namna atakavyofanya. Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka, na baada ya hapo simu hulikataa. Jaribio lenyewe linaweza kufuta vyote vilivyomo simuni. Usilipe kazi ya aina hiyo kabla ya kuwa na nakala rudufu mkononi.

Kama ulinunua kitu ndani ya mchezo kwa pesa na hakitumiki tena, unaweza kuomba kurudishiwa fedha kupitia ukurasa wa `reportaproblem.apple.com`, ukiingia kwa akaunti iliyolipa. Ukiiandikia kampuni ya mchezo, taja aina ya simu, toleo la iOS, toleo la mchezo, namba yako ya mchezaji na saa ambayo mchezo ulijifunga. Barua yenye mambo hayo matano hujibika, ile inayosema tu kwamba mchezo haufunguki hurudishiwa maswali.

Kama kiini cha tatizo ni simu uliyouziwa ikiwa na akaunti ya muuzaji, mrudie muuzaji ukiwa na risiti na umtake aiondoe akaunti yake mbele yako. Akikataa, malalamiko kuhusu bidhaa hupokelewa na Tume ya Ushindani. Malalamiko kuhusu bando lililokatwa isivyostahili huanzia kwa kampuni ya simu, na yasipotatuliwa hufikishwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Maswali ya kujipima

1. Mchezo una `App Size` ya GB 0.3 na `Documents & Data` ya GB 4. Je, kuuondoa kwa muda kutakupa nafasi kiasi gani, na kuufuta kutakuhitaji bando kiasi gani?

2. Umeondoa mchezo kwa muda na kuurudisha, lakini unajifunga mahali palepale. Sababu zipi mbili zimebaki?

3. Faili ya `JetsamEvent` imeonekana kwa saa ileile ambayo mchezo ulijifunga. Kwa nini kufuta video hakutasaidia?

4. Unacheza kama `Guest`, na mchezo haufiki kwenye ukurasa wa mipangilio. Ni kitufe kipi hupaswi kukibonyeza, na utafanya nini badala yake?